Kupunguza mafuta mwilini: chuma cha kilo ngapi unyanyue?

Watu wengi wenye kupunguza chakula ili kukonda wanaendelea kwenda kwenye sale ya spoti na kunyanyua chuma kama zamani. Kisha siku moja kilo zile zile zinakuwa nzito. Je, wapunguze kilo ao walazimishe?

Jibu liko katika swali moja la kujiuliza kila seri inapoisha: ningeweza kunyanyua tena mara ngapi kwa njia ya muzuri? Zile mara zinazobaki ndizo akiba. Ukinyanyua mara 8 na ungefika 10, akiba yako ni 2. Kwa mutu anayekonda, akiba ya 1 mpaka 3 inatosha. Kazi iko nguvu ya kutosha ili mwili ulinde misuli, lakini hauchoki mpaka seri zenye kufuata ziharibike.

Tuchukue mufano wa kijana wa Goma mwenye kilo 80. Analala kwenye benchi na kusukuma chuma cha kilo 60, mara 8, akiba 2. Akapunguza fufu na mafuta. Kisha wiki ine akafika kilo 78. Siku ile, baada ya usingizi kidogo, mara ya 8 ya seri ya kwanza ilipanda polepole sana na mikono ikatetemeka. Akiba ni 0. Asilazimishe. Kwa seri zinazobaki anaweka kilo 55, anafika 8, akiba 2. Siku yenye kufuata, anaanza tena na kilo 60. Kama akiba ya 2 imerudi, ule ulikuwa uchovu wa siku moja tu, anabakia hapo.

Lakini kama kilo zinashuka mazoezi matatu mufululizo, tatizo si chuma. Aangalie usingizi, na pia kama anakonda mbio sana. Kupoteza nusu mpaka moja kwa mia ya uzito kwa wiki ni kadiri nzuri; kwa yeye ni gramu 400 mpaka 800.

Kosa la waanzaji ni kusema «nimebakiza 2» wakati wangeweza tena 5. Ni juu ya kuogopa ile hali ya kuungua katika misuli. Dalili ya kweli ni mwendo: chuma kinapanda polepole hata ukisukuma kwa nguvu zote. Ili kujipima, kwa seri ya mwisho ya zoezi lisilo la hatari, kama vile kukunja mikono na vyuma vidogo, sema kwanza akiba yako, kisha endelea mpaka ushindwe. Hesabu tofauti. Usijaribu vile ukiwa na chuma juu ya kifua pasipo mutu wa kukusaidia.

Tena, akiba inapimika vizuri kwa seri za mara 5 mpaka 12. Ukifika mara 25, pumzi inakwisha mbele ya misuli, na hesabu inadanganya.