Ulifuta Apu na Bado Umekatwa Doh? Hii Ndio Sababu

Uko zako Ukunda, meseji inaingia: Ksh 3,900 zimetoka kwa kadi yako ya M-PESA GlobalPay. Anayedai ni GOOGLE, na hukumbuki kununua kitu. Kabla uanze kulia umehakiwa, jiulize: mwezi huu kuna apu yoyote iliyokupa ofa ya bure?

Tuseme wewe hupiga video za wageni Diani, ukachukua apu ya kuediti tarehe 3, ofa ya siku 7. Ikakuomba kadi, ukaweka. Kwa skrini iliandikwa Ksh 325 kwa mwezi, lakini maandishi madogo chini yalisema unalipa ya mwaka mzima mara moja. Zidisha 325 mara 12, hiyo ndio 3,900 yako. Tarehe 5 ukachoka nayo, ukaifuta kwa simu. Tarehe 10 wakakata.

Shida iko hapo kwa kufuta, msee. Ukifuta apu umetoa tu programu kwa simu. Makubaliano ya kulipa yako kwa akaunti yako ya Google, na huko hakuna aliyeambiwa umetoka. Hata ukinunua simu mpya Msambweni, yatakufuata.

Kukata, fungua Play Store na ubonyeze picha yako juu kulia. Ingia `Payments & subscriptions`, halafu `Subscriptions`. Chagua hiyo apu, bonyeza `Cancel subscription`, fuata maswali mpaka mwisho. Ukiona tarehe ya kuisha badala ya tarehe ya kulipa tena, umemaliza.

Ukiingia na usiione, usidhani imejikata. Wengi wetu tuna imeili mbili kwa simu moja. Bonyeza picha yako tena, badilisha akaunti, angalia huko. Ama fungua kila imeili utafute `Google Play Order Receipt`. Yenye risiti ndio yenye deni. Kama ulijiunga kupitia tovuti ya hiyo apu yenyewe, Play haitaionyesha. Itabidi uingie huko kwao ukate.

Sasa, kukata kunazuia malipo yajayo tu. Hiyo 3,900 lazima uiombe kivyake. Ingia `play.google.com`, bonyeza picha yako, `Payments & subscriptions`, halafu `Budget & order history`. Chagua hayo malipo, bonyeza `Report a problem`, ueleze. Fanya hivyo ndani ya saa 48 tangu ukatwe. Si lazima wakubali, lakini zikipita, Google kwa kawaida watakutuma uongee na wenye apu, na hao ni wagumu.

Ofa ingine ikikuita, kata siku hiyo hiyo umejiunga. Nyingi za Play zitakuacha utumie mpaka siku zako za bure ziishe. Ukingoja siku ya mwisho, malipo yanaweza kukutangulia.