Kuandaa Igizo la Mafunzo kuhusu Kuvuja Damu Baada ya Kujifungua katika Zahanati za Musoma, Bunda na Butiama
Mwigizaji huvaa kifaa cha MamaNatalie kinachomwaga damu bandia. Kondo limekwisha kutoka; mfuko wa uzazi unalegea na damu inafikia mililita 500. Malengo ni mawili: mkunga atambue ulegevu kwa kupapasa tumbo, kisha aite msaada, aukande mfuko wa uzazi na atoe oksitosini. Mwezeshaji hatangazi kiasi cha damu. Akikitangaza, atapima utii badala ya utambuzi. Damu hupungua pale tu hatua hizo zinapotekelezwa. Mjadala wa baadaye hufuata malengo hayo: “Dalili gani ilikushtua kwanza?” na “Damu isingekoma, rufaa ya kwenda Musoma ungeianzisha lini?” Swali “Kwa nini ulichelewa?” huepukwa, kwani huzaa utetezi, si tafakuri.