Kiambishi cha Mahali katika Majina ya Matawi: Mfano wa Nakumatt

Duka likiwa moja, jina lake hutaja biashara na mahali kwa pamoja. Tawi la pili likifunguliwa, mambo hayo mawili hutengana, na swali huwa ni lipi litakalobeba uzito.

Mtandao wa Nakumatt wa Kenya, ambao haupo tena kwa sababu za madeni wala si za jina, unatoa mfano mzuri. Jina hilo ni ufupisho wa Nakuru Mattresses, yaani magodoro ya Nakuru. Kwa kufupishwa, mji wa Nakuru ulimezwa ndani ya neno jipya, na bidhaa ya godoro pia. Hivyo mtandao ulipovuka mpaka na kufika Kigali mwaka 2008, jina halikuwa na miji miwili inayogombana. Jina kamili la awali lingemlazimu mteja wa Kigali kuuliza Nakuru inahusika vipi.

Matawi mengi yalifuata muundo mmoja: jina la mzazi kwanza, mahali baadaye, kama Nakumatt Nyali. Muundo huu unaafikiana na sarufi ya Kiswahili, ambamo nomino hutangulia na kivumishi hufuata. Msemaji huweza kuingiza kihusishi na kusema “Nakumatt ya Nyali” bila kuharibu chochote. Akifupisha, hawezi kubakiza “Nyali” peke yake, kwa kuwa Nyali ni mtaa mzima. Udhaifu wa neno la mahali, katika hali hii, ndio ulinzi wa jina la mzazi.

Nakumatt Mega ya Nairobi ni kisa tofauti. “Mega” si mahali. Ni sifa, na inaweza kusimama yenyewe. Mtu akisema “tukutane Mega” ameeleweka, na jina la mzazi limeanguka njiani. Kipimo ni hicho: sikiliza wateja na makondakta wanadondosha neno lipi.

Hatari nyingine ni ukubwa wa mahali palipotajwa. Tuchukue duka la kubuni la vitambaa, Neema, la Moshi. Tawi la pili likiitwa Neema Arusha, la tatu likifunguliwa Njiro, ndani ya Arusha hiyo hiyo, “Neema Arusha” haitambulishi tena duka moja. Lingeitwa Neema Kaloleni tangu mwanzo, kibao kisingebadilishwa. Duka la kwanza nalo lisiachwe bila kiambishi kwa heshima ya ukongwe, maana mzigo ulioandikiwa “Neema” tu utapelekwa popote. Lipewe jina la mtaa wake siku ile ile tawi la pili linapofunguliwa, kwa herufi ndogo chini ya jina la mzazi, kibaoni na kwenye risiti.