Peremende Sili, Sukari Imetoka Wapi?

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 47, fundi cherehani, aliyepimwa kwa tone la damu ya kidole kwenye kambi ya upimaji sokoni. Mashine ilisoma 9.8. Akaandikiwa karatasi ya kwenda kituo cha afya, akarudi nyumbani na maswali ambayo wengi wanaopimwa siku hiyo hurudi nayo.

Nimeandikiwa 9.8. Ndiyo tayari nina kisukari?

Bado haijulikani. Mama huyu alikunywa chai na maandazi saa moja kabla ya kupimwa, na chakula hupandisha sukari kwa muda, hata kwa mtu mzima wa afya. Pia alikuwa ametoka kumenya embe. Maji ya tunda yakibaki kidoleni huingia kwenye tone la damu na kuongeza namba. Ndiyo maana vidole vioshwe kwa maji na sabuni, kisha vikaushwe. Spiriti peke yake huenda isiondoe utamu wote.

Kinachofuata ni kupimwa asubuhi baada ya kukaa angalau saa 8 bila kula, maji tu yanaruhusiwa. Chini ya 6.1 ni kawaida. Kati ya 6.1 na 6.9 ni dalili kwamba mwili unaanza kushindwa. Kuanzia 7.0 ni kiwango cha kisukari, lakini kwa mtu asiye na dalili kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya kutoa jibu. Mama wetu alipata 7.6, na wiki iliyofuata 7.4. Hapo daktari akasema ni kisukari cha aina ya pili.

Sijala tangu jana usiku, na peremende sizigusi. Sukari hiyo imetoka wapi?

Imetoka kwenye ini. Usiku kucha ini hutengeneza sukari na kuimwaga kwenye damu, ili ubongo usikose nishati tukiwa tumelala. Insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, ndiyo huliambia ini lipunguze, na ndiyo huwezesha misuli kuichukua sukari hiyo. Katika aina hii ya kisukari ini na misuli havisikii tena amri ya insulini vizuri. Kongosho huongeza juhudi kwa miaka, mwishowe huchoka.

Kwa hiyo anayejilaumu kwa pipi za utotoni anakosea mahali pa kutafuta. Kinacholeta hali hii ni mkusanyiko: kuzaliwa katika ukoo wenye kisukari, mafuta yanayojazana tumboni na kwenye ini, kazi ya kukaa kutwa, umri. Mama wetu hukaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi magharibi, na baba yake alikuwa na kisukari. Hata hivyo vitu vitamu havijasafishwa kabisa. Soda na juisi za sukari, zikinywewa kila siku, huongeza uzito na zinajulikana kuongeza hatari ya ugonjwa huu.

Basi nikiacha sukari kwenye chai, au nikitumia asali, nimemaliza?

Kuacha sukari kwenye chai ni vizuri. Asali ni sukari vilevile, hata ikitoka Tabora. Lakini kazi kubwa iko kwenye sahani. Ugali, wali, chapati, mihogo na ndizi ni wanga, na wanga ukisagwa tumboni huwa sukari. Mtu anaweza kunywa chai kavu kisha akala mlima wa ugali, asione namba ikishuka, akakata tamaa. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu makapi yake huchelewesha usagaji, lakini kipimo ni kilekile: wanga robo ya sahani, maharage, samaki au nyama robo, na nusu iwe mboga.

Mbona sijisikii vibaya? Na sisimizi hawaji kwenye mkojo wangu.

Figo hurudisha sukari mwilini mpaka damu ifikie karibu 10, ndipo huanza kuiachia kwenye mkojo. Hapo ndipo kiu, kukojoa mara kwa mara na hao sisimizi hujitokeza. Mtu mwenye 8 kila siku anaweza kupita miaka bila dalili yoyote huku mishipa midogo ya macho, figo na nyayo ikiharibika. Ndiyo maana macho, mkojo na miguu hukaguliwa mapema, hata kama hakuna kinachouma.

Nikianza insulini, ndio mwisho wangu?

Wengi huanza na vidonge vya metiformini, vinavyolizuia ini kumwaga sukari kupita kiasi. Vimezwe pamoja na chakula, maana siku za mwanzo huweza kuharisha. Insulini huongezwa kongosho likishindwa, nayo hurefusha maisha; wanaofika wamedhoofika mara nyingi ni wale walioiogopa wakachelewa. Lakini ukianza kutapika, kiu isiyokatika, kupumua kwa kasi au kuchanganyikiwa, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.