Soma Chini ya Mbonyeo

Tuna picha ya silinda ya kupimia ya kioo. Ndani yake mna mafuta ya kupikia, na chini ya picha pameandikwa: silinda tupu gramu 78.2, silinda pamoja na mafuta gramu 111.8. Tunatakiwa kupata densiti ya mafuta, yaani kila mililita moja ina gramu ngapi.

Kwanza iache namba ya kimiminika, uhesabu mistari. Kati ya 30 na 40 kuna nafasi kumi, kwa hiyo kila nafasi ni mililita 1. Usidhani silinda zote ziko hivyo, maana katika nyingine nafasi moja ni mililita 2 au 0.5, na anayekosea hapa hukosea kila kinachofuata.

Sasa tazama uso wa mafuta. Haukunyooka, umebonyea katikati kama sahani. Kioo huvuta kimiminika kinachokigusa, kingo zikapanda kidogo ukutani. Kipimo husomwa chini kabisa ya mbonyeo. Zebaki ndiyo kinyume chake: huvimba katikati, nayo husomwa juu ya uvimbe. Katika picha yetu chini ya mbonyeo pako katikati ya mstari wa 36 na wa 37, basi tunaandika 36.5.

Lakini je, kamera ilikuwa wapi? Hilo ndilo swali ambalo wengi hawaliulizi. Aliyepiga picha akiwa juu, mbonyeo huonekana umelingana na mstari wa juu zaidi, pengine 38. Akiwa chini, kipimo hupungua. Dalili iko katika uso wenyewe: ukiuona umefunguka kama yai, kamera ilikuwa juu. Ukiona mstari mmoja uliopinda, ilikuwa usawa wa mafuta, na picha hiyo inaaminika.

Tungamo ya mafuta ni 111.8 kutoa 78.2, yaani gramu 33.6. Gawanya kwa 36.5, unapata 0.92 kwa mililita. Kikokotoo kitakuonyesha 0.92054, ila tarakimu za mwisho hazina msingi. Jicho likikosea nusu mililita tu, jibu huwa kati ya 0.91 na 0.93. Kwa hiyo kipimo hiki kinatosha kutofautisha mafuta ya kupikia na mafuta ya taa, ambayo ni kama 0.8. Hakitoshi kutofautisha alizeti na mawese, kwani densiti zao zinakaribiana mno.

Na aliyesahau kutoa uzito wa silinda atapata 3.06. Itale yenyewe, jiwe gumu lile, ni kama 2.7, na mafuta tunayajua huelea juu ya maji, ambayo ni 1. Ukipata jibu la namna hiyo, usiliandike. Rudi kwenye picha usome upya maelezo ya tungamo.