Tumbo joto kabla ya kwenda laivu: nini kinatokea mwilini, na kwa nini unashusha bei

Wadau, tuongee kitu ambacho wengi tunakipitia ila hatukisemi. Umetangaza kwenye status tangu asubuhi kwamba saa mbili usiku unaenda laivu na magauni mapya. Saa moja na dakika hamsini mdomo unakauka kama umekula mihogo mikavu, tumbo linapiga chenga, na kuna sauti inakwambia andika tu "samahani wapendwa, mtandao unasumbua", uzime simu ulale. Mtandao hausumbui. Ni mwili wako unajiandaa kukimbia.

Ipo hivi. Ubongo una kengele ya hatari. Kengele hiyo ni ya zamani sana kuliko simu, na haitofautishi vizuri kati ya mbwa mkali na watu mia mbili wanaokutazama. Ikilia, mishipa ya fahamu inapeleka taarifa kwenye tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo, moja kila upande, zinaitwa tezi za adrenali. Ndani ya sekunde chache zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, sukari iliyohifadhiwa kwenye ini inatolewa, na damu nyingi inaelekezwa kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono. Ndiyo maana mkono ulioshika simu unatetemeka na miguu inataka kuondoka. Misuli imeshapewa mafuta, safari tu ndiyo haipo.

Damu hiyo inayokwenda miguuni lazima itoke mahali, na sehemu kubwa inapunguzwa kwenye tumbo. Mwili unaona kusaga chakula sasa hivi si muhimu, tutasaga tukishapona. Tumbo linapunguza kazi, na kule kutekenywa ndani ndiko wengi tunakoita tumbo joto. Utumbo mpana wenyewe unafanya kinyume, unaharakisha, ndiyo maana kila ukikaribia kubonyeza kitufe unakumbuka choo. Daktari wa Kimarekani Walter Cannon aliliona hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita akiwatazama paka kwa mashine ya eksirei. Aliwalisha chakula kilichochanganywa na dawa inayoonekana kwenye picha, akagundua kwamba paka akikasirika au kuogopa, tumbo lake linasimama kufanya kazi. Mwaka 1915 akayaandika hayo kwenye kitabu. Kwa hiyo tumbo lako halina uchawi, na wala si lazima uwe umekula kitu kibaya.

Mate nayo ni sehemu ya chakula. Mate yale mepesi kama maji yanaagizwa na mishipa ya fahamu ya utulivu, ile inayofanya kazi ukiwa umekaa unakula. Kengele ikilia, mishipa hiyo inanyamaza, unabaki na mate machache na mazito. Ongeza kwamba unapumua kwa mdomo, basi ulimi unanata na maneno yanakatika. Hapa dawa ni nyepesi: tafuna bigijii dakika kumi kabla, au lamba kipande cha ndimu, kwa sababu kutafuna na uchachu vyote vinaamsha mate. Bigijii iteme kabla hujaanza, tafadhali. Maji kunywa kidogokidogo. Ukimaliza chupa nzima utaongeza safari za choo tu.

Sasa kuna homoni ya pili, kortisoli, na hii ndiyo inayogusa mfuko wako. Adrenalini inakuja haraka na haikai, ndani ya dakika chache inavunjwavunjwa, ingawa kengele ikiendelea kulia inamwagwa nyingine. Kortisoli inachelewa. Kwa kawaida inafika kilele kama dakika ishirini hadi thelathini baada ya wasiwasi kuanza. Ikiwa juu, kuvuta kitu kutoka kwenye kumbukumbu kunakuwa kugumu. Bei ya gauni la kijani uliyoijua vizuri mchana inakutoroka mbele ya wateja.

Tuchukue mfano wa dada anayeuzia nyumbani kwake Mwananyamala Komakoma. Gauni kalichukua Kariakoo kwa 22,000, nauli na mfuko 1,500, kwa hiyo limemgharimu 23,500. Bei yake ni 35,000. Wasiwasi ulimwanza saa moja na dakika hamsini, kwa hiyo kati ya saa mbili na dakika kumi na saa mbili na ishirini kortisoli iko juu. Hapohapo anatokea mtu anaandika "ghali sana, mwisho ngapi?" Mate yamekauka, moyo unadunda, ukimya ni mzito. Anasema 25,000. Faida ya 11,500 imebaki 1,500, na kwa kuwa wote wamesikia, magauni matano yanakwenda kwa bei hiyo. Shilingi 50,000 zimepotea usiku mmoja.

Kwa maoni yangu, pale hakushindwa biashara. Alikimbia. Hakuzima simu, ila kushusha bei kulikuwa njia ya haraka ya kumaliza ile hali, na tatizo la kukimbia ni kwamba kunaleta nafuu palepale. Ubongo unaikariri ile nafuu, na safari ijayo unaidai mapema zaidi. Ni vilevile kwa anayeahirisha laivu kila wiki kwa kisingizio cha bando: kila akiahirisha, ya wiki ijayo inakuwa ngumu zaidi.

Kwa hiyo bei za mwisho ziandikwe mchana, kichwa kikiwa kimetulia, kwenye karatasi kubwa nyuma ya simu. Gauni la kijani 35,000, mwisho 32,000, basi. Mtu akiomba punguzo unasoma karatasi, hufikirii. Dakika tatu za mwanzo usitaje bei kabisa, onyesha kitambaa, saizi, mshono, vitu ambavyo mikono yako inavijua. Kwa watu wengi moyo hudunda zaidi mwanzoni kabisa, halafu hushuka wenyewe usipokimbia.

Kabla ya kuanza, tembea ndani ya uwanja au panda ngazi dakika tano, misuli ipate kazi iliyoandaliwa. Kisha vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne na uitoe taratibu ukihesabu hadi nane, mara kadhaa. Kutoa pumzi taratibu ndiko kunakopunguza mwendo wa moyo. Sahani ya wali iache hadi umalize, maana tumbo liko likizo. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu pia viache jioni hiyo, vinaongeza mdundo uleule.

Kuna wanaoelekezana vidonge vya kutuliza moyo, vile vya propranololi. Ni kweli vinazuia adrenalini isifanye kazi kwenye moyo, ila ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya sana. Usipewe na shoga yako.

Na angalia hili: kukauka kwa wasiwasi kunaisha laivu ikiisha. Kama mdomo unakauka siku nzima, una kiu isiyokatika na unaamka usiku kukojoa mara nyingi, hiyo si adrenalini. Nenda kapime sukari kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Moyo ukienda mbio umekaa tu huna la kuogopa, au kifua kinauma, nenda pia, na usisubiri laivu ijayo.