Umepewa kazi na shirika la mtu mmoja Karagita? Uliza pesa ni za nani kabla ya kutia sahihi

Ukishuka matatu pale Karagita, barabara ya Moi South Lake, huhitaji kutembea sana kabla ya kuona kibao cha shirika. Kuna la kulipia watoto karo, kuna la kufunza wasichana kushona, kuna la kulisha wazee. Mengi yana kitu kimoja kinachofanana: yalianzishwa na mtu mmoja, na mpaka leo huyo mtu ndiye mkurugenzi, ndiye anayeandikia wafadhili na ndiye anayekuita kwa mahojiano. Wengine humwita Mwalimu, wengine Mama, wengine Pasta.

Kazi hizi zina mvuto wake, hasa kama hujamaliza chuo. Mimi niliacha katikati, kwa hivyo najua raha ya kukutana na mdosi asiyeuliza digrii. Anauliza kama unajua mtaa, kama unaweza kuandika ripoti na kama una moyo wa kusaidia. Ukilinganisha na kuamka saa kumi na moja kungoja basi la shamba la maua, unaona mbingu imefunguka.

Lakini ngoja. Kwa shamba la maua kuna hati ya mshahara, na mara nyingi kuna chama cha wafanyakazi. Kwa shirika dogo, kinga yako ni maswali utakayouliza wewe mwenyewe. Hayahitaji kuwa mengi. Yote yanazunguka mambo mawili: pesa za mshahara wako zinatoka wapi na zinaisha lini, na je, kuna mtu yeyote anayeweza kumwambia mwanzilishi "hapana"?

Pesa zilizo benki si zote ni zao

Tuchukue mfano. Hili si shirika fulani, nimelitunga ili tupige hesabu pamoja. Unapewa kazi ya kusimamia mradi wa karo kwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Mwanzilishi ni mwalimu mstaafu, mtu mzuri, watoto wanamkimbilia. Unamuuliza kuhusu pesa, anakuambia bila kuficha: kwa mwaka wanapata shilingi milioni 3.6. Milioni 2.6 hutoka kwa kikundi cha marafiki huko Uingereza, 700,000 hutoka kwa watu binafsi ambao kila mmoja analipia mtoto wake karo, na 300,000 huchangwa hapa nchini. Benki sasa hivi kuna 540,000.

Gharama zisizokwepeka, yaani kodi ya ofisi, stima na mishahara ukiwemo wewe, ni 160,000 kwa mwezi. Haraka haraka unagawanya na kuona kuna zaidi ya miezi 3 ya usalama. Si mbaya, ama?

Sasa uliza swali la pili: "Mwalimu, samahani kuuliza, katika hizo 540,000, ni ngapi ambazo tayari zina kazi yake?" Anakuambia 420,000 ni karo ya muhula ujao. Hizo ni pesa zenye masharti. Aliyezituma alisema ni za mtoto fulani, shule fulani. Haziwezi kulipa kodi wala mshahara wako. Kilichobaki ni 120,000. Ukigawanya kwa 160,000, unapata wiki 3 hivi. Huo ndio usalama wako wa kweli.

Hapo ndipo mambo huharibika, na mara nyingi bila mtu yeyote kunuia kuiba. Pesa za Uingereza zinachelewa mwezi mmoja. Mishahara imefika. Mwanzilishi anatazama zile 420,000 na kusema, "Tukope kidogo, tutarudisha." Mwezi unaofuata zinarudi nusu. Shule zinafunguliwa, watoto 10 wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Na nani aliyekuwa ameandikia wafadhili ripoti kwamba karo iko tayari? Wewe. Jina lako ndilo liko chini ya ile karatasi, na wazazi watakutafuta wewe kwa sababu mnaishi ploti moja.

Kwa hivyo swali la kuuliza ni hili: pesa za karo zina akaunti yake, au angalau daftari lake, mbali na pesa za ofisi? Jibu kama "zote ziko pamoja lakini mimi najua ni zipi" linakuambia hesabu iko kichwani mwa mtu mmoja.

Halafu tazama ile milioni 2.6. Katika kila shilingi 10 zinazoingia, zaidi ya 7 zinatoka mlango mmoja. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, Wakenya wengi waliokuwa kwa miradi ya USAID walijua kwa siku chache tu maana ya kutegemea mlango mmoja. Hao walikuwa kwa mashirika makubwa yenye mawakili. Uliza mkataba wa mfadhili huyo mkubwa unaisha mwezi gani, na kama mshahara wako umeandikwa ndani ya bajeti yake. Ukiambiwa "tunaamini watatuma tena", hiyo ni imani, si bajeti.

Usidhani haya ni ya Karagita pekee. Kids Company ilikuwa shirika maarufu la watoto London, lililoanzishwa mwaka wa 1996 na Camila Batmanghelidjh. Lilipata mamilioni ya pauni kutoka kwa serikali, lakini halikuwa na akiba ya maana. Agosti 2015 lilifungwa ghafla, siku chache tu baada ya kupokea ruzuku ya pauni milioni 3. Mwaka wa 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuwazuia yeye na waliokuwa kwenye bodi wasiongoze kampuni. Hilo ndilo la kukumbuka: mahakama haikuwaona kuwa watu wasiofaa, lakini bila akiba, mshtuko mmoja ulitosha na wafanyakazi wakabaki bila kazi.

Nani anaweza kusema hapana?

Hili watu wa Karagita wanalijua vizuri kuliko wanavyodhani. Kama mamako au jirani yako anafanya kwa shamba linalouza maua kwa nembo ya Fairtrade, mwulize kuhusu kamati ya ile pesa ya ziada. Wafanyakazi wenyewe huchagua kamati, mipango ya matumizi hupelekwa mbele ya mkutano wa wafanyakazi wote, na wawakilishi wa usimamizi hukaa pale kama washauri bila kura. Yaani mkata maua anaweza kuuliza pesa zilienda wapi na kujibiwa.

Sasa pima shirika unaloitwa kwa kipimo hicho. Omba majina ya bodi, kisha uliza wanahusiana vipi. Mwenyekiti akiwa mwanzilishi, mweka hazina akiwa bibi yake na katibu shemeji yake, hiyo ni familia iliyopata cheti. Bodi ya kweli inaweza kukataa matumizi, na ina kumbukumbu za mikutano kuonyesha hivyo. Uliza walikutana mara ya mwisho lini. Uliza pia hundi hutiwa sahihi na watu wangapi, na kama michango ya M-Pesa huingia kwa nambari ya shirika au kwa simu ya mwanzilishi.

Huko Marekani, Greg Mortenson alianzisha shirika la kujenga shule Pakistan na Afghanistan na akawa staa. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Montana alipochunguza, alikuta bodi ya watu 3 tu, Mortenson akiwa mmoja wao na wawili waliobaki wakiwa watiifu kwake. Mwaka wa 2012 alikubali kulirudishia shirika zaidi ya dola milioni 1, na bodi ikalazimika kupanuliwa. Shule zilikuwepo, ndiyo. Aliyekosekana ni mtu wa kumuuliza risiti.

Mengine unaweza kuyakagua mwenyewe. Kama ni kikundi cha kijamii, kinasajiliwa chini ya sheria ya 2022 na cheti hufanywa upya kila miaka 2, kwa hivyo tazama tarehe, au uliza ofisi ya Maendeleo ya Jamii pale Naivasha. Kama ni kampuni isiyo ya faida, stakabadhi ya CR12 kupitia eCitizen itakuonyesha wakurugenzi. Kama linajiita shirika lisilo la serikali, sheria yake sasa ni ile ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika Mei 14, 2024. Uliza usajili wao umefika wapi. Na kama wale marafiki wa Uingereza wamesajiliwa huko, tafuta jina lao kwa tovuti ya Charity Commission. Utaona mapato yao ya kila mwaka bila kuomba ruhusa ya mtu. Yakishuka miaka 3 mfululizo, umejua kitu ambacho huenda hata Mwalimu hajakuambia.

Kisha tazama karatasi yako

Wengi huitwa "wa kujitolea" na kupewa posho, huku wakifanya kazi siku 6 kwa wiki. Kazi ya miezi 3 au zaidi inahitaji mkataba wa maandishi chini ya Sheria ya Ajira ya 2007. Kwa mshahara wa 25,000, NSSF ni 1,500, SHA 687.50 na ushuru wa nyumba 375. Kodi ya mapato inafutwa na nafuu ya 2,400. Unabaki na 22,437.50. Mwajiri naye anaongeza 1,500 za NSSF na 375 za nyumba kutoka mfukoni mwake.

Kwa hivyo uliza mfanyakazi aliyeko, si mkurugenzi: ukiangalia akaunti yako ya NSSF, unaona miezi yote? Pesa zikikatwa na zisifike, hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba shirika linajikopesha kutoka kwa watu wake. Huonekana mapema kuliko mshahara kuchelewa.

Basi ile kazi ya Mwalimu uchukue au uache? Mimi ningechukua kwa masharti 3. Mkataba wa maandishi wenye tarehe inayolingana na pesa za mfadhili. Karo ikae kando, na hakuna ripoti ninayotia sahihi kabla ya kuona risiti za shule. Na mtu wa bodi asiye wa familia, ambaye nina nambari yake na ninaruhusiwa kumpigia.

Mwanzilishi mzuri hatakasirika. Mara nyingi yeye mwenyewe hajajilipa miezi kadhaa na anatamani mtu wa kushika daftari. Lakini ukiuliza haya kwa heshima na ujibiwe, "Kwani umekuja kunikagua?", mshukuru kwa chai, ushike matatu.